Usianze na rangi: kumsoma nyoka wa mtini kwenye picha

Msimu mmoja wa machungwa mdogo wangu alinitumia picha kutoka shambani kwetu Muheza. Nyoka wa kahawia iliyofifia alikuwa amejinyoosha kwenye tawi, na chini ya mti vijana walikuwa wamesimama na vikapu wakisubiri nijibu ndipo wapande kuchuma. Kwetu mimi ndiye ninayeulizwa habari za nyoka. Nilimtazama haraka, nikaona si wa kijani, nikaandika: "Huyo hana neno." Dakika chache baadaye nikaifungua tena ile picha, nikaikuza kwenye kichwa, mwili ukanisisimka. Nikapiga simu palepale. "Mwambie kila mtu atoke chini ya mti huo."

Kosa langu lilitokana na tulivyolelewa. Pwani mtoto anafundishwa mapema kumwogopa nyoka wa kijani, na si bure, kwa sababu koboko wa kijani anaishi kwenye miembe, mikorosho na michungwa yetu, na sumu yake hushambulia neva. Lakini miti hiyohiyo ina ukukwi, wa kijani vilevile, anayekula vyura na mijusi na hana sumu. Wa tatu ni yule ambaye Afrika Kusini humwita bumslangi. Dume lake mara nyingi ni kijani, jike mara nyingi ni kahawia, na mtoto ni wa kijivu chenye madoadoa. Ukichagua kwa rangi, utamuua ukukwi bure, halafu utamsogelea jike la bumslangi ukidhani ni nyoka tu wa kawaida.

Mimi sasa naanza na kichwa kilichopigwa kwa ubavu. Kichwa cha koboko wa kijani ni kirefu na chembamba, na jicho lake ni dogo ukililinganisha na urefu huo. Ukukwi na bumslangi wote wana macho makubwa, kwa hiyo jicho kubwa peke yake lisikutulize. Bumslangi kichwa chake ni kifupi, kimeumuka kama yai, na jicho limekaa mbele na kukijaza kiasi kwamba ndilo la kwanza kuonekana. Na ile kanuni ya kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu iacheni kabisa. Kifutu anacho, lakini koboko wa kijani na bumslangi hawana, na wote wawili wanaua.

Baada ya jicho, tazama magamba ya mgongoni. Ya ukukwi ni laini na yanang'aa. Ya bumslangi ni membamba, yamepangwa mshazari, na kila moja lina mstari ulioinuka katikati, kama mshipa wa kati wa jani. Mgongo wake kwenye picha huonekana umekwaruzika, haurudishi mwanga. Hilo ndilo nililoliona nilipoikuza picha ya mdogo wangu: kichwa kifupi, jicho kubwa mno, na mistari ile juu ya magamba. Alikuwa jike la bumslangi.

Picha yenyewe nayo inadanganya. Simu nyingi hukoleza kijani zenyewe, na chini ya majani mabichi hata nyoka wa kijivu hupata ukijani. Nyoka anayekaribia kujivua gamba hufifia na jicho lake huwa na utando wa maziwa. Koboko mchanga ni mwembamba na kichwa chake bado hakijarefuka sana, kwa hiyo ni rahisi kumchanganya na ukukwi. Kwa hiyo picha ikiwa na ukungu au imepigwa kutoka juu, jibu langu ni moja: mhesabuni ana sumu, mwacheni aende zake. Ukitaka picha nzuri zaidi, simama mita tano au zaidi ukuze kwa simu. Usimsogelee.

Udogo wake pia usikupumbaze. Mwaka 1957 mtaalamu wa nyoka wa Chicago, Karl Schmidt, aliletewa bumslangi mchanga amtambue. Alimwuma kidole gumba, na jino moja tu ndilo lililoingia. Hakutafuta matibabu, na kesho yake akafariki kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Sumu hii huharibu kuganda kwa damu, nayo huanza polepole, hata baada ya saa nyingi, ndiyo maana mtu aliyeumwa hujiona mzima na kurudi kulala.

Mtu akiumwa, msikae kujadili picha. Msichanje, msifunge kamba, mpelekeni hospitali akiwa ametulia, na picha kama ipo iende naye. Hapo ndipo inapofanya kazi kubwa, kwa sababu dawa ya kawaida ya sumu ya nyoka wengi haimsaidii aliyeumwa na bumslangi. Yake ni ya peke yake, inatengenezwa Afrika Kusini, na daktari anahitaji kuanza kuitafuta kabla damu haijaanza kutoka kwenye fizi.