Maswali yenu ya UV: leo tunapasua kichwa cha modeli ya 3D

"Mkuu nimebonyeza Smart UV Project, kichwa kikatoka vipande vipande kama chapati iliyochanika. Nirekebishe wapi?"

Usirekebishe, futa. Hilo swali nalipata kila wiki na nimechoka nalo. Ile kitu inakata kwa kuangalia pembe tu, Blender inaiachia digrii 66, haijui pua ni nini wala shavu linaishia wapi. Ni ya meza na mawe.

"Nikate wapi hasa? Kichwa cha kawaida tu, shingo imeachana na mwili."

Anzia chini ya shingo kwa nyuma, katikati kabisa, panda na kisogo mpaka utosini, Mark Seam. Wengi wanaishia hapo halafu wanashangaa mbona paji la uso limejikunja juu. Jamani fuvu ni mviringo, mkato mmoja haulazi mviringo, jaribu na ganda la chungwa uone. Kwa hiyo pale utosini tawanya mkono mmoja kulia na mmoja kushoto, ushuke nayo mpaka pale sikio linapoanzia juu, lakini uwe vidole viwili nyuma ya nywele zinapoanzia, sio juu ya mstari wenyewe. Mdomo kwa ndani ukate ukishapita midomo inapogusana, ule mfuko ukae kisiwa chake. Bonyeza Unwrap, weka picha ya Color Grid, angalia miraba ya shavuni na ya kwenye paji: ikilingana na ikabaki miraba kweli, umefika. Na tafadhali usipitishe mshono katikati ya kidevu, sijui nani aliwafundisha.

"Sikio langu linavutika, miraba imekuwa kama tambi."

Hili ndilo la kukaa nalo. Juzi nilikuwa na kichwa cha mzee mmoja, masikio makubwa, nikakata nusu duara tu nyuma, kwenye lile kunjo sikio linapoungana na fuvu, toka juu mpaka kwenye ndewe. Mbele nikaacha sikio limeshikana na shavu, nikaona raha, mshono hauonekani popote. Nikawasha Display Stretch, uso wote bluu safi ila ndani ya sikio pamewiva njano na nyekundu, maana bakuli lile lote lilikuwa linalazimishwa kulala wakati bado limeshikwa na shavu.

Nikafunga duara. Mkato wa mbele nikaupitisha upande wa ndani wa kile kinyama kidogo kinachoziba tundu la sikio, pale kivuli kipo muda wote. Bado palikuwa na njano kwenye ukingo, kwa sababu sikio lina mbele na nyuma na vyote viwili vinagombania nafasi moja. Nikaongeza mpasuo mfupi kwa nyuma, toka kwenye kunjo mpaka karibu na ukingo wa juu, likafunguka. Rangi nyekundu ikabaki nukta moja ndani ya tundu, nikaiacha, huko nani anaingia? Halafu chagua visiwa vyote, Average Islands Scale, la sivyo ngozi ya sikio itakuwa na vinyweleo vikubwa kuliko vya shavu.

"Karakta wangu ana nywele so mshono utajificha wenyewe si ndio?"

Nywele gani? Kama ni afro, sawa. Kama kasuka twende kilioni, ngozi ya kichwa inaonekana kwenye kila mstari na mshono wako wa kisogoni utakaa pale unang'aa. Uhamishe uende chini ya suka lenyewe, hata kama hautakuwa katikati kamili. Upara ndio kabisa, hapo huna pa kujificha, kata fupi na upake rangi moja kwa moja juu ya modeli ili rangi ivuke mshono.

"Kovu nimechora shavu moja limetokea yote mawili."

Apply modifaya ya Mirror kwanza, ndio ufanye Unwrap.

"Mishono iko sawa ila uso wote umebonyea upande."

Ctrl+A, Scale, Unwrap tena. Blender ilikuandikia onyo pale chini hukusoma.

"Kwa karibu poa, mbali kunatokea mstari nyuma ya sikio."

Visiwa vimebanana. Karakta akiwa mbali injini inatumia tekscha iliyopunguzwa nusu kwa nusu, ya 2048 inashuka mpaka 128, pikseli 16 kwa 16 zimekuwa moja na rangi ya nje ya kisiwa imeshaingia. Kwenye Pack Islands ongeza margin, na unapobeki acha ile 16 px ilivyo, kuna mtu huwa anaiweka sifuri eti anaokoa nafasi.