VAT na punguzo la anayelipa mapema, Uingereza

"Nauza mikoba kwa maduka hapa Leicester. Mteja akilipa ndani ya siku 10 nampunguzia 5%. VAT naitoza kwenye bei kamili au iliyopunguzwa?"

Ndugu yangu, tangu Aprili 2015 VAT hufuata pesa uliyolipwa kweli. Zamani ilipigwa kwenye bei iliyopunguzwa hata mteja akichelewa, na bado nakutana na watu wanaofanya hivyo. Acha kabisa.

Chukua mzigo wa pauni 1,000. Siku ya kuandika ankara hujui atalipa lini, kwa hiyo andika 1,000 na VAT 200, jumla 1,200. Akiwahi, bei ni 950, VAT 190, anakulipa 1,140.

Hiyo 10 ya VAT iliyopungua ndiyo inayosumbua. Unaweza kumpa kredit noti kila anapowahi, lakini ni karatasi nyingi. Mimi napendelea njia ya pili: kwenye ankara yenyewe taja punguzo na siku zake, kisha eleza kwamba hutatoa kredit noti na kwamba mteja adai VAT aliyolipa tu. Ongeza pia hesabu ya 1,140 ili asikosee.

Akilipa baada ya robo yako kufungwa, usiguse ritani ya nyuma. Punguza ile 10 kwenye robo aliyolipa. Tunza taarifa ya benki inayoonyesha 1,140 na tarehe yake, maana bila hiyo huna cha kuthibitisha punguzo.