Nafuta rekodi za spika, kesho zimerudi

"Nimefuta rekodi zote za spika ya Google kwenye simu. Kesho yake nakuta mpya. Nakosea wapi?"

Hukosei kufuta, ndugu yangu. Kufuta kunaondoa ya jana tu, ila bomba bado liko wazi. Fungua myactivity.google.com, gusa Web & App Activity, kisha ushuke hadi penye kisanduku cha Include voice and audio activity. Ondoa tiki. Kuanzia hapo sauti mpya haihifadhiwi, ingawa maandishi ya ulichoomba yataendelea kuonekana kwenye orodha mpaka uzime Web & App Activity yenyewe.

Kuondoa tiki nako hakufuti za zamani, kwa hiyo rudi kwenye orodha uzifute. Yenye alama ya sauti pembeni ndiyo yenye rekodi.

Mimi nilihangaika wiki nzima kwa jambo la kipuuzi: spika ilikuwa imeunganishwa na akaunti ya mke wangu, nami nafuta kwangu! Jipime hivi: iulize spika swali la ajabu kidogo, halafu ulitafute kwenye akaunti yako. Lisipoonekana, huenda linaingia kwa mwingine, naye ndiye wa kuondoa tiki kwake.

Auto-delete, yaani historia kujifuta yenyewe baada ya muda, ipo, lakini muda mfupi kabisa ni miezi 3, na inafuta historia yote ya Web & App Activity, si sauti peke yake. Kama rekodi inahusu kesi au vitisho, usifute kabla ya kuongea na wakili.