Profoma Isiyosomeka Vizuri: Mwandikie Muuzaji Kabla Hujatuma Hela

Wewe unayeanza duka la vifaa vya ujenzi huku kwetu, iwe Masasi, Newala au Nachingwea, utaona kwamba oda kubwa za mwaka hujikusanya kwenye kipindi kimoja. Minada ya korosho ikianza Oktoba na wakulima wakalipwa, kila mwenye nyumba ya nyasi anaulizia bati. Nawe unaagiza Dar, Gerezani au Kariakoo, kwa haraka, na huko nako wanaandika profoma, ile karatasi ya kukuonyesha idadi na bei kabla hujalipa, kwa haraka, kwa mkono, kisha wanaipiga picha na kukurushia Wasapu. Ndipo yanapozaliwa mashaka ya idadi na bei.

Tuchukue profoma moja ya mfano. Mstari wa kwanza: bati geji 30 futi 10, bando 6, bei 24,500, jumla 2,352,000. Wa pili: rangi ya maji nyeupe, 12, bei 19,000. Wa tatu: vitasa dazeni 3, bei ambayo tarakimu yake ya pili inaweza kuwa 3 au 8. Picha imekatwa upande wa kulia na chini, kwa hiyo jumla za mistari miwili ya mwisho hazionekani, wala jumla kuu.

Usikimbilie kuandika. Shika kikokotoo kwanza, maana baadhi ya mashaka profoma yenyewe inayajibu. Bei ya 24,500 haiwezi kuwa ya bando zima, ni ya bati moja. Gawanya 2,352,000 kwa 24,500, unapata 96. Gawanya 96 kwa bando 6, unapata bati 16 kila bando. Hapo huna swali tena, una jambo la kuthibitisha tu. Lakini lithibitishe, kwa sababu idadi ya bati ndani ya bando hubadilika kufuatana na geji na kiwanda, na bando la safari iliyopita si ushahidi wa bando la safari hii.

Rangi ni habari nyingine. Wewe uliagiza katoni 3, na katoni moja ina galoni 4 za lita nne nne, kwa hiyo 12 inaweza kuwa ni galoni 12, yaani muuzaji amekugeuzia hesabu tu. Inaweza pia kuwa katoni 12. Kwa bei ya 19,000 kwa galoni, tafsiri ya kwanza ni 228,000, ya pili ni galoni 48, yaani 912,000. Kwenye vitasa, vipande 36 kwa 13,500 ni 486,000, kwa 18,500 ni 666,000. Sasa ona kwenye karatasi hiyo hiyo: ukisoma kwa namna ya chini kabisa jumla ni 3,066,000, kwa namna ya juu kabisa ni 3,930,000. Na bado hujajua kama VAT imo ndani ya bei hizo au itaongezwa mwishoni. Kwa duka ambalo halijasajiliwa VAT hilo si jambo dogo, kwa sababu huna pa kuirudisha. Inaingia moja kwa moja kwenye gharama ya mzigo.

Wengi hapa huandika, "Bosi, naomba nihakikishie oda yangu." Jibu litakalokuja ni "Sawa kaka, iko vizuri," nawe utabaki pale pale. Amekuhakikishia nini? Barua nzuri humfanya muuzaji ashindwe kujibu "sawa" peke yake. Kila swali lidai namba au chaguo, na idadi zote zishushwe hadi kwenye kipimo kidogo kabisa: bati, galoni, kipande. Mimi ningeiandika hivi:

"YAH: KUTHIBITISHA IDADI NA BEI, PROFOMA NAMBA 0217

Salaam. Tumepokea profoma yenu kwa picha. Kabla ya kulipa, tunaomba majibu ya mambo manne.

Kwanza, bati geji 30 futi 10, bando 6. Tumeelewa kila bando lina bati 16, jumla bati 96, kwa 24,500 kila bati, yaani 2,352,000. Kama sivyo, andikeni idadi sahihi.

Pili, rangi ya maji nyeupe. Oda yetu ilikuwa katoni 3, sawa na galoni 12 za lita 4. Profoma inasema 12 bila kutaja kipimo. Je, ni galoni 12 au katoni 12? Na 19,000 ni bei ya galoni moja?

Tatu, vitasa dazeni 3, sawa na vipande 36. Bei ya kipande kimoja haisomeki. Tafadhali iandikeni kwa tarakimu na kwa maneno.

Nne, je, bei zote zina VAT ndani? Na zitadumu hadi tarehe gani?

Tunaomba pia picha ya profoma nzima yenye jumla kuu. Tutalipa baada ya kupata majibu kwa maandishi. Mzigo usipakiwe kabla ya hapo."

Angalia kwamba kwenye rangi tumeitaja oda yetu ya awali. Bila hivyo, muuzaji mwenye rangi nyingi godauni anaweza kuchagua katoni 12 na kusema ndivyo alivyokuelewa. Kwenye vitasa, kinyume chake, hatukutaja 13,500 wala 18,500. Ukimpa namba mbili achague, unajua atachagua ipi.

Salamu ziwe fupi. Najua kwetu mtu hawezi kuanza na biashara kabla ya kuulizia familia, lakini hayo yamalize kwenye simu. Tena ukishatuma barua, piga kweli simu, kwa sababu mhasibu wa Kariakoo ana ujumbe mia wa kusoma. Akikujibu kwa mdomo, mwandikie papo hapo: "Kwa mazungumzo yetu ya sasa hivi, rangi ni galoni 12, kila moja 19,000," na umwombe ajibu chini yake. Hakikisha anayejibu ni yule aliyetoa profoma au bosi wake, si kijana wa kupakia.

Maandishi hayo yana uzito kisheria pia. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mzigo ukizidi ulichoagiza, unaweza kupokea kiasi cha oda na kukataa kilichozidi, au kuukataa wote. Ukipungua unaweza kuukataa, lakini ukiupokea unalipia ulichopokea kwa bei ya makubaliano. Sasa utasemaje umezidi kama hakuna mahali palipoandikwa kilichokubaliwa? Na fuso ikishashusha mlangoni kwako, zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, kurudisha galoni 36 zilizozidi kunaweza kula faida yote ya rangi.

Jibu likija, lichapishe na ulibane na profoma, kisha nakala mpe atakayepokea mzigo, ahesabu bati kwa bati, si bando kwa bando. Jibu lisipokuja na mafundi wanasubiri, usilipie karatasi nzima. Mwambie muuzaji akutolee profoma nyingine ya bati 96 peke yake, lipia hiyo ikiwa na jumla kamili na VAT imetajwa. Rangi na vitasa vitapanda gari la wiki inayofuata.