Tawi dogo halipati kijani

"Kwenye ripoti yetu ya kila siku ya matawi, kijani ni mizigo 95% au zaidi kufika kwa wakati, njano ni 90 hadi chini ya 95, chini ya hapo nyekundu. Tawi letu dogo linalalamika linaonewa. Nibadilishe viwango?"

Ndugu, viwango viache. Tatizo ni idadi. Tawi la mizigo 10 kwa siku likichelewesha mmoja tu linaangukia njano, ilhali lenye 400 huchelewesha hata 20 likabaki kijani. Tawi dogo ambalo kwa kawaida linafikisha hiyo 95% litakosa kijani karibu siku 4 kati ya 10, kwa bahati tu!

Kwa hilo, piga asilimia kwa jumla ya siku 7 zilizopita, na kando ya rangi andika hesabu yenyewe: 66/70, yaani njano ya haki. Ila siku moja mbaya itavuta rangi wiki nzima, kwa hiyo idadi ya jana ionyeshe pembeni, bila rangi.