"AAT au inayolingana nayo": diploma yako ya Bongo uieleze vipi Uingereza

*"Shikamoo kaka. Namfuata mume wangu Leicester, na viza yangu inaniruhusu kufanya kazi. Nina diploma ya uhasibu, NTA 6, na nimefanya kazi miaka sita uhasibu hospitali ya rufaa ya mkoa. Matangazo ya kazi za uhasibu hospitali za huko yanasema 'AAT Level 3 or equivalent'. Hii yangu inahesabika? Na nitawaambiaje?"*

Marahaba mdogo wangu. AAT ni chama cha mafundi uhasibu cha Uingereza, na Level 3 ni cheti chao. Diploma yako inaweza kuhesabika, ila hakuna atakayekuhesabia. Anayepitia maombi ni meneja wa idara ya fedha, ana fomu kibao mezani na jioni yake inakaribia. NTA hajawahi kuisikia na hatakwenda kuitafuta. Kama fomu yako haimwambii, ataweka sifuri na kufungua fomu inayofuata.

Kabla ya yote, futa hiyo namba 6 kichwani. Kwetu ngazi za NTA, zinazosimamiwa na NACTVET, zinaanzia 4 kwa cheti cha awali, 6 ni diploma, 8 ndiyo shahada ya kwanza. Huku wana ngazi zao, na 6 yao ndiyo shahada ya kwanza, huku 3 ikiwa kiwango cha kidato cha sita. Ukiandika "Level 6" peke yake, mtu wa huku anasoma kwamba una digrii. Siku ya kukagua vyeti anakuta diploma, na hapo unaonekana umedanganya hata kama hukukusudia. Wakenya nao wanaingia shimo hilohilo, maana diploma yao pia ni ngazi ya 6 kwenye mfumo wa kwao. Andika jina la cheti kama lilivyo, Ordinary Diploma in Accountancy, chuo, nchi, mwaka, na muda uliosoma. Namba iache.

Sasa soma tangazo kwa makini. Kazi za hospitali za umma huwa zina faili la pili limeambatishwa, linaitwa Person Specification. Wengi hawalifungui, wanasoma tangazo la juu tu. Lifungue, maana humo ndimo mtihani ulimo. Lina safu mbili: Essential, yaani lazima uwe nayo, na Desirable, yaani ukiwa nayo ni vizuri. Mara nyingi pembeni wameandika watakavyopima kila kitu, kwenye fomu, kwenye usaili au kwa cheti. Meneja anakupa alama mstari kwa mstari, na ukikosa mstari mmoja wa Essential kwa kawaida umeishia hapo.

Kwenye mstari wa elimu kuna maneno matatu yanayofanana kwa macho lakini yanadai vitu tofauti. Wakiandika "or equivalent qualification", wanataka cheti kingine cha kiwango hicho, kwa hiyo hoja yako inasimama kwenye diploma. Wakiandika "or equivalent experience", hata asiye na cheti anaruhusiwa, na hapo miaka yako sita ndiyo inayobeba mzigo, diploma inakuja nyuma. Wakati mwingine utakuta herufi QBE, maana yake mtu aliyehitimu kwa uzoefu, ni hiyohiyo ya pili. Wakiandika "or equivalent" tupu kama hao wako, wape vyote viwili. Na ukiona "CCAB qualified", hiyo ni ya wahasibu waliomaliza mitihani ya bodi kama ACCA au CIPFA. Diploma haifiki hapo, usipoteze jioni yako.

Na nitoe angalizo kwa wengine watakaosoma hapa, manesi hasa. Haya ya kujenga hoja ni kwa kazi zisizo na leseni. Nesi anatakiwa awe amesajiliwa na baraza lao, NMC, na usawa wa masomo yake unaamuliwa huko, si kwenye fomu ya kazi. Huwezi kumbembeleza meneja.

Turudi kwako. Kuna taasisi inaitwa UK ENIC, zamani ikiitwa UK NARIC, iko Cheltenham. Unawatumia cheti na transkripti kwenye mtandao, unalipa, wanakupa Statement of Comparability, hati inayosema cheti chako kinalingana na kiwango gani cha hapa. Ichukue, inasaidia sana, hasa kwa maafisa utumishi wanaopenda karatasi. Watakachoandika kinategemea cheti, chuo na mwaka, kwa hiyo usinakili cha rafiki yako. Lakini ijue mipaka yake. Hati hiyo inasema kiwango, haisemi ulisoma nini ndani. Ukiwa na diploma ya ualimu utapewa hati kama hiyohiyo. Na mwajiri hafungwi nayo.

Kwa hiyo nusu ya pili ya hoja, ile ya yaliyomo, unaiandika mwenyewe. Fungua tovuti ya AAT uone Level 3 yao inafundisha nini. Ina masomo manne tu: kuelewa biashara na mazingira yake, kuandaa hesabu za mwisho, uhasibu wa gharama na bajeti, na kodi za biashara, ambamo mna VAT na mishahara. Kisha toa transkripti yako, uiweke pembeni, utafute pacha wa kila somo. Uhasibu wa fedha unao, gharama unazo, sheria za biashara unazo. Kodi unayo, lakini ya TRA. Hapo ndipo pengo lako lilipo, na ni bora ulitaje wewe kabla hawajalitaja wao. Wazo la VAT ni lilelile, unatoa uliyolipa kwenye uliyokusanya. Kinachobadilika ni viwango, misamaha na jinsi ya kuwasilisha kwa HMRC, yaani TRA ya huku. Hospitali za umma nazo zina kanuni zake za VAT, na hata Mwingereza aliyetoka kampuni binafsi anafundishwa upya.

Una karata nyingine ambayo hukuitaja. Kwetu tunasomea viwango vya kimataifa vya uhasibu, IFRS. Hospitali za NHS, yaani hizo za umma za huku, nazo zinaandaa hesabu zao kwa msingi wa IFRS tangu mwaka wa fedha 2009/10. Kampuni nyingi ndogo za hapa zinatumia kiwango chao cha ndani, FRS 102. Yaani kwenye hilo umekaribia hospitali yao kuliko kijana aliyetoka duka la vifaa mtaa wa pili. Liseme.

Kisha uzoefu. Hapa wengi wanaharibu kwa kutaja mifumo. Ukiandika "nilitumia MUSE, nilitoa control number za GePG, nilishughulikia madai ya NHIF", meneja wa Leicester anaona herufi tu. Andika kazi yenyewe, jina la mfumo likae nyuma. Kwenye lile boksi la maelezo ya ziada, nenda mstari kwa mstari kwa mpangilio wa Person Specification yao, na mstari wa elimu uwe wa kwanza. Kwa Kiingereza chako, maana yake iwe kama hivi:

*"Sifa ya elimu, AAT Level 3 au inayolingana: nina diploma ya uhasibu ya Tanzania, masomo ya miaka mitatu baada ya kidato cha nne, yenye mitihani ya uhasibu wa fedha kwa IFRS, uhasibu wa gharama, kodi na ukaguzi. UK ENIC wameilinganisha na kiwango fulani, hati ninayo. Masomo haya yanagusa maeneo ya AAT Level 3 isipokuwa kanuni za kodi za Uingereza, ambazo nimeanza kujisomea. Kwa miaka sita katika hospitali ya serikali nimefanya usuluhishi wa benki kila mwezi, nimekagua vocha za malipo kabla ya kuidhinishwa, na nimefuatilia madai ya bima ya afya yaliyokataliwa hadi yakalipwa. Malipo yote yalipita kwenye mfumo wa kompyuta wa serikali unaounganisha leja, bajeti na benki."*

Ona ilivyokaa. Jina la sifa yao limetajwa kwa maneno yao, ili anayetoa alama asitafute. Miaka ya masomo na kiwango cha kuingilia kipo, maana neno "diploma" huku linaweza kuwa kozi ya wiki chache. Pengo limetajwa na dawa yake. Halafu kazi, kwa vitenzi. Sentensi ya UK ENIC weka tu ukishapata hati, na kama ulisoma miaka miwili baada ya kidato cha sita, andika hivyo. Hiyo ya "nimeanza kujisomea" nayo iwe kweli, kwa sababu kwenye usaili watakuuliza umejifunza nini.

Kabla ya kujaza fomu, piga simu. Chini ya tangazo huwa kuna jina na namba ya mtu wa kuuliza, na Watanzania tunaiogopa kana kwamba tunamsumbua mkubwa. Huku ni kawaida kabisa. Usimuulize "diploma yangu inafaa?" maana atakwambia uombe tu. Muulize hivi: kwenye sifa ya elimu, je, mtapokea diploma ya nje yenye hati ya UK ENIC pamoja na uzoefu wa hospitali? Akisema ndiyo, kwenye fomu taja kwamba mliongea. Akisema lazima AAT yenyewe, unaweza kumuuliza kwa upole sababu, kwa kuwa tangazo lake limesema "or equivalent". Sheria ya Usawa ya 2010 inambana mwajiri anayedai cheti cha Uingereza pekee bila sababu ya msingi, kwa sababu sharti hilo linawaumiza zaidi watu wa mataifa mengine. Lakini usianze na sheria kwenye simu ya kwanza, utafunga mlango ambao ulikuwa umefunguka nusu. Na piga mapema, matangazo mengine yanafungwa kabla ya tarehe yakishapata maombi ya kutosha.

Ukikosa, omba maoni. Uliza ni mstari gani uliopungukiwa. Wakisema elimu, hoja yako haikusomeka, irekebishe. Wakisema uzoefu wa mfumo fulani wa leja, hilo halihusiani na diploma, na usije ukaanza kozi ya AAT kwa hasira. Kozi hiyo inaeleweka ikiwa umekataliwa kwa sababu ya cheti mara kwa mara, na hata hapo AAT wana jaribio la mtandaoni, Skillcheck, la kukuonyesha uanzie ngazi gani. Usikubali mtu akuanzishe chini kabisa kisa umetoka Afrika.

Mambo ya kufanya ukiwa bado nyumbani, maana ukishapanda ndege kila kitu kinakuwa cha kumtuma shemeji: chukua transkripti kamili, si cheti tu. Omba chuoni mtaala wa masomo uliosoma, wenye mada za kila somo. Hospitalini omba barua yenye tarehe za kuanza na kuacha kazi na majukumu yako yaliyoandikwa, si ile ya "alikuwa mtumishi mwadilifu". NHS huwa wanahakiki historia ya kazi ya miaka mitatu iliyopita, na wanawaandikia wenyewe waliokuajiri. Kwa hiyo ongea na katibu wa hospitali kabisa, akupe barua pepe ya ofisi itakayojibiwa. Ikijibiwa kwa Gmail ya mtu, watarudi kukuuliza.