Kalori za ede-masoni anayepiga vyuma

"Yaya, niko ede-masoni hapa Goma, kilo 70, urefu 172, miaka 27. Jioni napiga vyuma saa moja. Aplikasyo ya simu nikiweka kazi ngumu, halafu niongeze na vyuma, inanipa kalori zaidi ya 4000. Njo zangu kweli?"

Mdogo yangu, hapana, iko juu sana, na shida haiko kwa vyuma, iko kwa masaa ya shantie.

Anza na mwili ukiwa umelala tu: 10 × kilo + 6.25 × urefu − 5 × miaka + 5. Kwako inatoka 1645, gawa kwa 24 unapata kama 69 kila saa. Sasa kila saa ya siku yako unaizidisha na uzito wa ile unafanya: kulala ni 1, kukaa na kutembea polepole nyumbani 1.5, kusimama shantie 2, kusukuma brueti ya beto ao kupandisha mawe ya volkano karibu 5, vyuma na mapumziko yake karibu 4.

Pale kwenye 5 njo watu wanapotea. Uko shantie masaa 8 lakini haubebi masaa 8, kuna kungoja maji, kungoja kamyo ya mchanga, masoni anapima ukuta na kamba wewe umesimama na karai, halafu chakula. Chukua saa ya simu siku mbili tatu, uhesabu tu wakati mzigo uko mkononi. Mi nimefanya hii kazi, siku ya kawaida ilikuwa inatoka kama nusu, siku ya kumwaga dali ndiyo inapita.

Tuseme masaa 4 ya mzigo: kulala masaa 8 × 1 ni 8, mzigo 4 × 5 ni 20, kusimama 4 × 2 ni 8, vyuma 1 × 4 ni 4, masaa 7 yenye yanabaki × 1.5 ni 10.5. Jumla 50.5, gawa kwa 24 ni 2.1, mara 1645 unapata kama 3460. Ungeandika yote 8 kuwa mzigo ingefika karibu 4280, yaani kalori 820 za bure kila siku, zinaenda tumboni. Na ona vyuma: hiyo saa inaongeza kama 170 tu juu ya kukaa, kwa hiyo usiongeze sahani nzima juu ya vyuma. Siku ya Mungu bila kazi wala vyuma unashuka kwenye 2200.

Hizi namba 5 na 4 ni za wastani, mwenye amezoea brueti anatumia kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo kilo njo itakuambia. Jipime asubuhi baada ya choo, kabla ya kula, sio jioni, juu jioni jasho limetoka na mzani unadanganya. Chukua wastani wa wiki, linganisha wiki tatu. Ukishuka nusu kilo kila wiki, unakosa kama 500 kwa siku: gramu 100 za unga wa muhogo kwenye fufu ni karibu 350, kijiko kikubwa cha mawese kwenye sombe 120, umefika.